TAHARIRI: Kijana, andika kazi yako kabla haijasahaulika

Kuna swali moja ambalo huwakwamisha vijana wengi kwenye intaviu, na wala si la mtego. Ni hili: “Ulifanya nini huko ulikotoka?” Kijana aliyechapa kazi mwaka mzima, akifungua duka alfajiri na kulifunga usiku, hujikuta akijibu, “Nilikuwa nauza. Nilikuwa nasaidia stoo. Nilikuwa nahudumia wateja.” Jopo linaandika mstari mmoja, linamshukuru na kumwita anayefuata.

Si kwamba kijana huyo hakufanya kazi. Alifanya, tena sana. Shida ni kwamba hakuandika chochote, na sasa anajaribu kukumbuka mambo ya miezi kumi na minane ndani ya dakika mbili huku jasho likimtoka. Mwenzake aliyefanya nusu ya kazi hiyo lakini ana takwimu tatu za uhakika mkononi ndiye atakayepigiwa simu.

Msimamo wetu ni huu: kila kijana aliye kazini, awe wa kandarasi ya miezi mitatu, kibarua, mwanagenzi au wa kudumu, awe na daftari lake binafsi la kazi. Aliandike dakika kumi kila Ijumaa jioni kuanzia wiki ya kwanza, wala asingoje siku atakapoona tangazo la kazi nyingine.

Huenda ukauliza, kwani nikitoka si nitapewa barua? Utapewa, lakini itazame vizuri. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 51, inamlazimisha mwajiri kukupa cheti cha utumishi unapoondoka, mradi umefanya kazi kwake kwa angalau wiki nne mfululizo. Cheti hicho kinataja jina na anwani ya mwajiri, jina lako, siku uliyoanza, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia, na siku uliyoacha. Basi. Kifungu hicho hicho kinasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kukuandikia barua ya kukusifia wala kueleza tabia na utendakazi wako. Kwa maneno mengine, sheria inakuhakikishia tarehe tu. Ulichokitimiza kati ya tarehe hizo mbili ni juu yako kukihifadhi.

Ajabu ni kwamba wengi wetu tulishafunzwa jambo hili na tukaliacha. Ukipitia chuo cha kiufundi, ulipoenda atachimenti ulipewa kitabu cha kujaza kazi ya kila siku, na msimamizi alitia sahihi kila wiki. Ulilalamika, ukakijaza, ukapata alama, kisha ukakitupa chini ya kitanda. Ulipoanza kulipwa mshahara, ukaacha kuandika. Ilipaswa kuwa kinyume, maana kitabu cha atachimenti kilikuwa cha mwalimu, ilhali daftari la kazini ni la kukupatia riziki.

Sasa, uandike nini? Usiandike kila kitu, la sivyo utachoka kufikia wiki ya tatu. Kwa kila jambo linalostahili, andika mambo matano kwa ufupi: tarehe, hali ilikuwaje kabla, ulifanya nini wewe mwenyewe, hali ikawaje baadaye, na nani anaweza kuthibitisha. La pili ndilo watu husahau zaidi, na ndilo linalobeba mengine yote. Takwimu ya leo bila ya jana haisemi kitu. Ukisema “tulitupa bidhaa za Sh5,000 mwezi huu,” msikilizaji hajui akupongeze au akusikitikie.

Ndiyo maana wiki ya kwanza ina uzito mkubwa. Kabla hujagusa chochote, andika ulivyokuta. Foleni huchukua muda gani? Simu ngapi hukosa kujibiwa kwa siku? Bidhaa ngapi hurudishwa kwa wiki? Ukishabadilisha mambo, hali ya zamani huisha na hakuna atakayeikumbuka, hata bosi.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Hesabu zake ni za kuonyesha njia tu.

Tuseme umeajiriwa Septemba katika duka la pembejeo mjini Kitale, lile tunaloita agroveti. Unauza mbegu, mbolea, dawa za wadudu na dawa za mifugo. Baada ya wiki chache unaona kitu: kila mwisho wa mwezi mwenye duka, ambaye nyote mnamwita Mama, anatoa kwenye rafu bidhaa ambazo muda wake umeisha, anaziandika katika daftari la hasara na kuziweka kando. Unamwomba ruhusa uangalie daftari hilo. Oktoba zilikuwa za Sh17,400, Novemba Sh15,900 na Desemba Sh18,600. Unanakili takwimu hizo tatu pamoja na tarehe uliyoziona.

Januari unapata wazo. Bidhaa mpya zikifika, wauzaji huziweka mbele ya rafu kwa sababu ndiko kwenye nafasi, na za zamani husukumwa nyuma zikaozea huko. Unamwambia Mama, naye anakubali ujaribu. Unapanga upya rafu sita za dawa ili ile inayokaribia kuharibika iwe mbele na iuzwe kwanza. Kila katoni unaiandikia mwezi wa mwisho kwa kalamu nene. Kila Jumatatu unapita na kutoa orodha ya zinazobakisha siku 60, ili ziuzwe haraka au zirudishwe kwa msambazaji anayekubali.

Jioni hiyo daftari lako linasoma hivi: “Ijumaa, wiki ya tatu ya Januari. Kabla: bidhaa mpya ziliwekwa mbele, hasara ya Oktoba hadi Desemba ilikuwa wastani wa Sh17,300 kwa mwezi. Nilichofanya: nimepanga rafu 6 kwa tarehe ya kuharibika, nimeanza orodha ya Jumatatu. Matokeo: tutaona mwisho wa Februari. Shahidi: Mama, na mwenzangu wa zamu ya asubuhi.” Huo ni mwandiko wa dakika nne.

Februari hasara inakuwa Sh6,200, Machi Sh5,100 na Aprili Sh4,900. Jumla ni Sh16,200, wastani Sh5,400 kwa mwezi. Ukilinganisha na Sh17,300 za awali, hasara imeshuka kwa karibu asilimia 69. Unatamani kuiandika takwimu hiyo kwenye wasifukazi wako usiku huo huo.

Ngoja kwanza. Hapa ndipo wengi huanguka. Kitale ni eneo la mahindi, na msimu mkuu wa kupanda ni Machi na Aprili. Miezi hiyo agroveti hujaa wateja, bidhaa hutoka haraka na chache ndizo hupata nafasi ya kuharibika. Oktoba hadi Desemba ni wakati wa kuvuna, na rafu hulala. Umelinganisha msimu wa pilkapilka na msimu wa kimya. Mtu yeyote anayeijua biashara hiyo atakuuliza swali moja tu, na asilimia zako 69 zitayeyuka mbele ya jopo.

Dawa yake ni kurudi kwenye daftari la hasara na kutazama miezi hiyo hiyo mwaka uliotangulia, kabla hujaajiriwa. Unakuta Februari Sh13,800, Machi Sh12,700 na Aprili Sh13,100. Wastani ni Sh13,200. Sasa unalinganisha msimu na msimu wenzake: kutoka Sh13,200 hadi Sh5,400, sawa na kupungua kwa Sh7,800, yaani karibu asilimia 59. Takwimu imepungua, lakini hii hata ukibanwa na jopo unaweza kuitetea.

Tena, kuna jambo lingine ambalo daftari lako linakukumbusha. Uliandika Ijumaa ya kwanza ya Machi kwamba Mama alianza kuagiza dawa za mifugo katoni moja moja badala ya tatu. Hilo nalo limepunguza hasara, na si kazi yako. Huwezi kusema umepunguza hasara peke yako. Utasema mlipunguza wewe na mwenye duka, kisha ueleze sehemu yako ilikuwa ipi. Usidhani hapo umejishusha. Wanaohoji watu kila siku wanajua kwamba hakuna duka linalobadilishwa na mtu mmoja, na anayedai hivyo hutiliwa shaka kwa kila kitu kingine atakachosema.

Ukitaka kujua kama takwimu yako imekomaa, jiulize maswali haya usiku, kabla hujaulizwa mchana: Nimeitoa wapi? Nimelinganisha na nini? Kuna kitu kingine kilichobadilika wakati huo? Ukiweza kujibu yote matatu bila kutafuna maneno, iandike. Usipoweza, iache au uipunguze makali.

Huenda kazi yako haina shilingi wala asilimia. Wewe ni mlinzi, mpishi wa shule, karani wa mapokezi au mhudumu wa wodi. Hesabu bado zipo, ila ni za kuhesabu kwa vidole: watu wangapi uliwalisha kwa wakati, funguo ngapi ulizisimamia bila kupotea hata moja, wageni wapya wangapi uliwafunza kazi, miezi mingapi umefika bila kuchelewa. “Nilipika chakula cha mchana cha wanafunzi 340 na kengele ya saa saba haikunipita muhula mzima” ni sentensi inayompa mwajiri picha kamili. “Nina uzoefu wa upishi” haimpi chochote.

Tugeukie sifa. Siku moja mteja anakwambia, “Kijana, nimezunguka maduka matatu, ni wewe tu umenieleza vipimo vya hii dawa nikaelewa.” Unatabasamu, unasema asante, na baada ya wiki umesahau. Daftarini, usiandike “mteja alinisifu sana.” Andika maneno yenyewe jinsi yalivyotoka, siku hiyo hiyo, na useme aliyeyatamka ni nani kwa kazi yake: mfugaji wa ng’ombe wa maziwa, mteja wa kila wiki. Sifa ya jumla inafanana na sifa ya kila mtu. Maneno halisi yanaonyesha unachokifanya vizuri, hata pale ambapo wewe mwenyewe hukuwa umegundua. Ukisoma miezi sita ya maneno kama hayo, utaona labda watu wanne tofauti wamekusifia kitu kimoja, yaani kueleza. Hapo unajua nini cha kutanguliza utakapoomba kazi ya ofisa wa mauzo au ya kuwafunza wakulima.

Sifa ya bosi mara nyingi huja kwa WhatsApp, kwenye grupu la kazi saa nne usiku. Usiitegemee simu. Ukiondoka utatolewa kwenye grupu, simu inaweza kuibwa matatuni, na kuna magrupu ambayo yamewekwa ujumbe ujifute wenyewe. Laini au baruapepe ya kampuni ndiyo mbaya zaidi: hufungwa siku unayopewa barua ya kuondoka, wakati mwingine kabla hujafika mlangoni. Kwa hivyo nakili maneno hayo kwa mkono, pamoja na tarehe. Kama bosi alikusifu kwa mdomo, hakuna ubaya kumwandikia kesho yake: “Mama, asante kwa ulivyosema jana kuhusu zile rafu. Nitaendelea hivyo.” Akijibu, umepata sifa iliyoandikwa bila kumwomba barua.

Kumbuka pia kwamba mashahidi huhama. Msimamizi aliyeona kazi yako leo huenda mwakani yuko Mombasa kwa kampuni nyingine. Matangazo mengi ya kazi nchini hutaka majina ya watu watatu wanaoweza kukuelezea, na siku hiyo ndipo vijana huanza kusaka namba za zamani. Anapoaga, mwombe namba yake binafsi na umuulize kama atakubali kupigiwa simu kwa niaba yako. Ukimtaja baadaye, mtumie mistari miwili au mitatu kutoka daftarini ili akumbuke. Hata anayekupenda hawezi kukusifia kwa jambo alilolisahau.

Kuna ukurasa mmoja ambao wengi hawataki kuuandika: wa makosa. Tunakushauri uwe nao. Karibu kila jopo huuliza, “Tuambie wakati uliposhindwa,” na jibu la “mimi hujituma kupita kiasi” limechosha kila mtu. Kama Aprili uliuza mbegu ya nyanda za juu kwa mkulima wa eneo la joto na akarudi akilalamika, andika. Andika pia kilichofuata: ulimbadilishia pakiti kabla hajapanda, na tangu siku hiyo huuza mbegu bila kuuliza kwanza shamba liko wapi. Kosa lenye tarehe na rekebisho lake hukusaidia kuliko kujifanya malaika.

Sasa tahadhari, maana daftari hili likitumiwa vibaya linaweza kukuharibia. Daftari ni lako, lakini siri za biashara si zako. Usipige picha vitabu vya mauzo vya mwajiri, wala usijitumie faili zake kwenye baruapepe yako. Usiandike majina ya wateja, namba zao za simu, magonjwa yao wala madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inalinda taarifa hizo, na hata bila sheria, mwajiri mpya akiona umebeba siri za wa zamani atajua zake pia zitabebwa. Andika kipimo cha kazi yako tu. Na utakapoomba kazi kwa mshindani wa Mama aliye ng’ambo ya barabara, usitaje shilingi za hasara yake. Sema “ilipungua kwa zaidi ya nusu” na inatosha. Kama unataka kutaja kiasi kamili, muulize kwanza.

Kuhusu mahali pa kuandikia, daftari la kawaida la kurasa 96 linatosha, likae nyumbani na si kwenye droo ya kazini. Kila mwisho wa mwezi piga picha za kurasa hizo ujitumie kwenye baruapepe yako binafsi, ili hata nyumba ikivuja mvua kazi yako isilowe. Ukiruka Ijumaa mbili, usijilazimishe kujaza yote. Andika unayoyakumbuka kwa uhakika na uendelee. Takwimu ya kubuni ni mbaya kuliko ukurasa mtupu, kwa kuwa huwezi kuizungumzia mara ya pili ukasema kitu kile kile.

Kisha siku inafika. Tangazo limetoka, wanataka msimamizi wa stoo, na mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Zamani ungekesha ukikuna kichwa. Sasa unasoma tangazo na kupigia mstari mambo matatu wanayoyataka zaidi. Tuseme ni utunzaji wa stoki, uaminifu na kuwafunza wengine. Unafungua daftari na kutafuta mwandiko mmoja kwa kila jambo. Mengine yote unayaacha, hata yale unayoyapenda. Pale palipokuwa pameandikwa “nilisaidia stoo,” sasa unaandika: “Nilipanga upya rafu 6 za dawa kwa tarehe ya kuharibika na kuanzisha ukaguzi wa kila Jumatatu. Kwa kushirikiana na mwenye duka, hasara ya bidhaa zilizoharibika ilipungua kwa karibu asilimia 59 kati ya Februari na Aprili, ikilinganishwa na miezi hiyo mwaka uliotangulia.” Ni sentensi mbili tu, na umeziandika kwa dakika tano kwa sababu kazi ya kukumbuka ulishaifanya Ijumaa baada ya Ijumaa.

Tuseme ukweli: daftari haliumbi nafasi za kazi. Pale ambapo kazi hutolewa kwa kujuana au kwa kitu kidogo, hata takwimu safi zinaweza kukaliwa. Lakini katika zile nafasi ambazo wanaohoji kweli wanatafuta mtu wa kazi, na zipo, anayepoteza kwa kukosa la kusema amejinyima mwenyewe.

Waajiri nao wana sehemu yao. Kama kijana amekuuliza hasara ya mwezi uliopita ilikuwa ngapi, usimshuku mara moja. Huenda ndiye wa kwanza dukani mwako kujali. Na vyuo vya kiufundi, mnapotia sahihi ukurasa wa mwisho wa kitabu cha atachimenti, mwambieni mwanafunzi anunue kingine kinachofanana nacho kabla hajaripoti kazini.

Kwako msomaji uliye kazini leo: usingoje Januari. Ijumaa hii kabla hujapanda matatu ya kurudi nyumbani, andika mambo mawili. La kwanza, hali ya kazi yako ilivyo sasa kwa hesabu. La pili, jambo moja ulilolifanya wiki hii na nani aliliona. Ijumaa ijayo, rudia.